Sitini au tisini: habari ngumu iliyotumwa kwa sauti

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba ni mvuvi wa Langoni, Lamu. Mpwa wake ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi Malindi. Mwezi wa Agosti mjomba na mshirika wake walichanga shilingi 60,000, kila mmoja 30,000, wakamtumia mpwa kwa M-Pesa aweke arubuni ya mashine ya boti iliyotumika, ya hospawa 15, ambayo mtu mmoja wa Malindi alikuwa akiiuza kwa 140,000. Mpwa alionyeshwa muuzaji huyo na mwenzake wa kazini. Makubaliano yalikuwa mashine ifike Lamu kabla ya Septemba kwisha, kwa sababu kusi ikipoa na matilai ikiingia mvuvi hutaka awe amejiweka tayari. Kaskazi ikishashika, kila siku anayokaa nchi kavu ni hasara tupu.

Wiki ya tatu ya Septemba muuzaji akamwambia mpwa kwamba mashine amempa mtu mwingine aliyelipa zote taslimu. Siku hiyo hiyo alirudisha 25,000, na 35,000 zilizobaki akaahidi kuzilipa kufikia tarehe 5 Oktoba. Kwa hiyo mpwa alikuwa na mambo manne ya kumfikishia mjomba wake. Mashine haiji. Aliyevunja ahadi ni muuzaji, lakini aliyemwamini ni yeye. Zipo 25,000 mkononi. Zinangojwa 35,000, na siku yake ni hii. Mawili ya mwanzo yanagusa moyo na uhusiano wa watu wawili. Mawili ya mwisho ni hesabu, na ndani ya hesabu hiyo yumo mtu wa tatu, yule mshirika, ambaye mpwa hana hata nambari yake ya simu.

Mimi ni jamaa wa pande zote mbili. Ujumbe uliotumwa nimeusikiliza, na kila mmoja amenieleza upande wake kwa nafasi yake. Wameridhia niandike mradi nisiwataje.

Mpwa alianza kwa kuandika. Aliandika hivi: "Mjomba ile mashine imeuzwa kwa mtu mwingine. Amerudisha 25 bado 35." Akaisoma, akaona imekaa kama risiti ya duka, akafuta. Alifanya vyema kufuta. Mtoto hamwendei mjomba wake kwa maneno kumi na moja yasiyo na salamu, na neno "samahani" likiandikwa peke yake mwishoni halionyeshi kama aliyeliandika ameumia au anataka tu yaishe. Alipojaribu kuongeza salamu, maelezo na kuomba radhi, maandishi yakawa marefu hadi yeye mwenyewe akachoka kuyasoma. Ndipo akaamua kutuma voisi ya WhatsApp, na akairekodi hapo hapo nje ya duka, kando ya barabara, huku tuktuk zikipita.

Voisi ile ilikuwa ya dakika nne na sekunde kumi. Dakika nzima ya kwanza na zaidi ni salamu: hali ya mjomba, hali ya bahari, watoto, mguu wa bibi. Baada ya hapo ni hadithi ya muuzaji tangu siku walipokutana. Habari yenyewe, kwamba mashine haiji, inatokea dakika ya tatu ikikaribia. Pesa zinatajwa mara moja tu, kwa haraka, na kinachobaki ni kuomba radhi na dua. Kwa usikivu wa kawaida ni ujumbe mzuri. Sauti ya kijana inatetemeka kidogo, na mtu yeyote anayemjua atasikia kwamba hakulala vizuri.

Mjomba aliipokea baada ya sala ya alasiri, akiwa Mkunguni mbele ya ngome, pale wazee na wavuvi wanapokaa kupunga upepo. Upepo ulikuwa mkali, akaiweka kwa spika. Karibu yake walikuwapo watu wanne au watano. Salamu zilipoanza wote waliziitikia, mmoja akamsifu kijana kwa adabu yake. Na hapa ndipo kisa kinapofungika, kwa maoni yangu. Utangulizi ule mrefu na mzuri uliwaambia wote waliokaa kwamba huu ni ujumbe wa salamu, wa kila mtu kuusikia. Hakuna kitu katika dakika mbili za mwanzo kilichompa mjomba sababu ya kuinua simu hadi sikioni au kusogea pembeni. Habari ilipotokea, alikuwa ameshawaalika watu kuisikia. Angeizima katikati, kuizima kwenyewe kungekuwa tangazo. Akaiacha iendelee mpaka mwisho, akasema "inshallah kheri", akaitia simu mfukoni.

Aliniambia kwamba kupotea kwa mashine hakukumuuma kama kukaa pale, macho ya watu yakimwangalia, akisikiliza mtoto wa dada yake akimwomba radhi.

Halafu kuna hesabu. Mpwa alisema, "katika ile sitini elfu amerudisha ishirini na tano". Neno "sitini" lilipita pamoja na tuktuk. Nimelisikiliza mara kadhaa na ninakiri kwamba asiyejua jambo lenyewe anaweza kusikia "tisini". Maneno haya mawili yana silabi zile zile, ila mbili za mwanzo zimepishana, na mwanzo wa neno ndio unaomezwa kwanza na upepo, injini au spika ndogo ya simu. Mmoja wa waliokuwepo alisikia tisini. Akavuka kwenda Mokowe jioni ile, akamkuta mshirika wa mjomba, akampa pole ya tisini elfu. Mshirika alijua yeye ametoa thelathini na akaambiwa mjomba ametoa thelathini. Sasa tisini zinatoka wapi? Ama kuna mshirika wa tatu aliyefichwa, ama mjomba alimdanganya kiasi. Kabla ya magharibi alikuwa amepiga simu, na sauti yake haikuwa ya rafiki.

Mjomba akarudi kwenye voisi kutafuta ushahidi. Ilimbidi aisikilize tangu mwanzo, kwa sababu kuvuta ile alama ya kusogeza sauti kwenye kioo kidogo kwa kidole cha mvuvi ni kazi. Alipita mahali penyewe, akarudi nyuma, akapita tena. Mwishowe yeye mwenyewe alianza kusita: je, kijana amesema sitini, au amekosea akasema tisini?

Vijana wengi wa Malindi niliowasimulia kisa hiki walijibu haraka: angeandika. Naelewa kwa nini, lakini jibu hilo linatazama simu ya kijana, halitazami simu ya mjomba.

Simu ya mjomba mchana huachwa nyumbani ikichajiwa, na mjukuu wa miaka kumi ndiye anayeichezea. Ujumbe wa maandishi ukiingia, maneno yake ya mwanzo hujitokeza juu ya kioo hata kabla simu haijafunguliwa, isipokuwa mwenye simu awe amebadilisha mpangilio. Voisi haifanyi hivyo. Inaonyesha jina la aliyetuma, alama ya maikrofoni na urefu wake tu. Kwa hiyo "Mjomba ile mashine imeuzwa" ingesomwa kwanza na mtoto, halafu na bibi jikoni, halafu jirani aliyekuja kuomba moto, na mwenye habari angeipata wa mwisho. Kuna jambo jingine zito zaidi. Mjomba macho yake ya karibu yamechoka. Maandishi marefu husomewa. Mtu wa namna hii ukimwandikia habari ngumu, hujamtumia maandishi. Umemtumia voisi, ila kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi anayekwamakwama kwenye maneno na kusoma "samahani" kwa mdundo ule ule wa "amerudisha 25". Mpwa angepoteza sauti yake na usiri pia asingeupata.

Ndiyo maana mimi sikubali kwamba swali ni sauti au maandishi, kana kwamba kimoja kina huruma na kingine hakina. Swali linalofaa kwanza ni wapi simu ya mpokeaji ilipo saa hiyo na nani yuko karibu nayo. La pili ni kama mpokeaji atalazimika kuipeleka habari hiyo kwa mtu mwingine. Kwa mjomba, jibu la kwanza linadai sauti, na sauti fupi inayojitambulisha mapema. Jibu la pili linadai maandishi, kwa sababu mshirika lazima aambiwe, na nambari zikipita vinywa viwili zinabadilika. Habari moja, basi, ilihitaji kugawanywa.

Mtu ataniuliza kwa nini hakupiga simu. Alipiga, mara mbili asubuhi, mjomba akiwa baharini nje ya mtandao. Lakini hata kama angempata, simu ya moja kwa moja ina uzito wake: inamtaka mtu ajibu hapo hapo, kabla hajameza alichosikia. Mjomba mwenyewe anasema angepigiwa pale Mkunguni angelazimika kusema "hakuna neno" huku neno likimkaba. Voisi inampa mtu muda wa kunyamaza. Hiyo ni faida ambayo mpwa aliichagua kwa haki, isipokuwa hakuiandalia njia.

Asubuhi iliyofuata mpwa alinipigia akiwa amechanganyikiwa. Alitaka kuifuta voisi ile kwa wote. WhatsApp inaruhusu hilo kwa siku mbili na kidogo baada ya kutuma, lakini panapofutwa hubaki maneno kwamba ujumbe umefutwa. Kwa mjomba aliyekuwa tayari anagombana na mshirika juu ya kiasi, ujumbe uliotoweka ungeonekana kama ushahidi uliofichwa. Tukakubaliana aiache. Maandishi yana nafuu hapa: aliyekosea nambari anaweza kuihariri ndani ya dakika 15 na ujumbe ukabaki mahali pake. Voisi haihaririki. Ukikosea kusema tisini, imesemwa.

Alichofanya safari hii kilikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza ni maandishi mafupi sana, yaliyotungwa kwa kujua kwamba yatasomwa na mtoto au yatajitokeza juu ya kioo:

"Assalaam aleykum mjomba. Si ugonjwa wala msiba. Nina maneno yako ya faragha, nitakutumia kwa sauti baada ya isha, uyasikilize ukiwa peke yako."

Sentensi ile ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kwetu pwani ukimwambia mtu "nina maneno na wewe" na ukanyamaza, umeshamtia msibani. Ataanza kuhesabu wazee walio wagonjwa. Kumwambia mapema kwamba si hilo humwondolea hofu kubwa, na hapo habari ya pesa inaingia kwenye moyo uliotulia. Pia hakuna hata neno moja la mashine, kwa hiyo mtoto akiyasoma kwa sauti jikoni hakuna siri iliyomwagika.

Kipande cha pili kilikuwa voisi ya sekunde hamsini hivi, iliyorekodiwa chumbani, dirisha limefungwa. Nilimshauri asiandike maneno na kuyasoma, kwa sababu anayesoma husikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na mzee hulijua hilo mara moja. Aseme tu kwa mpangilio: salamu, habari, wajibu wake, basi. Ilikuwa hivi, karibu neno kwa neno:

"Shikamoo mjomba. Natumaini uko peke yako, kama hupo peke yako nizime kwanza. Mjomba, ile ya jana nimekukosea, nimekusemesha mbele za watu. Mashine haiji, na hilo unalijua. Mimi ndiye niliyemwamini yule mtu, sikumtaka hata karatasi, na wewe ulimwamini kwa sababu yangu. Pesa sitazisema hapa, nakuandikia sasa hivi chini ya hii uzione kwa macho. Nisamehe, mjomba."

"Kama hupo peke yako nizime kwanza" inasemwa katika sekunde tano za mwanzo, kabla ya neno lolote la kuumiza. Hapo mwenye simu bado ana uhuru wa kuizima bila yeyote kushangaa. Salamu imebaki, kwa sababu kuiondoa kungekuwa utovu wa adabu, lakini imekuwa moja. Mguu wa bibi unaweza kuulizwa siku nyingine. Na angalia kwamba hakusimulia tena habari za muuzaji. Hadithi ndefu ya kosa la mtu mwingine, ikitangulia radhi, humfanya msikilizaji aone unajitetea, hata kama kila neno ni kweli.

Urefu nao una sababu yake. Siku hizi WhatsApp inaweza kucheza sauti kwa kasi ya 1.5x au 2x, na mtu akiona dakika nne mbele yake huharakisha. Sauti iliyoharakishwa hupoteza pumzi, na pumzi ndiyo iliyokuwa sababu ya kutumia sauti. Chini ya dakika moja, watu wengi huiacha iende kwa mwendo wake.

Kipande cha tatu kilikuwa maandishi matupu ya hesabu, yaliyokaa ujumbe wake peke yake bila radhi wala dua ndani yake:

"Arubuni mliyotuma: 60,000 (wewe 30,000, mshirika 30,000). Zilizorudi 20 Septemba: 25,000, ninazo mimi, nazituma kesho asubuhi kwa M-Pesa yako. Zilizobaki kwa muuzaji: 35,000. Ameahidi: 5 Oktoba."

Aliziweka mbali na maneno ya moyoni kwa makusudi. Mjomba anaweza kumtumia mshirika ujumbe huu kama ulivyo, bila mshirika kusoma jinsi kijana alivyoomba radhi. Kama radhi na hesabu zingekuwa ujumbe mmoja, mjomba angelazimika kuchagua kati ya kuonyesha aibu ya mpwa wake na kubaki bila ushahidi. Na nambari zimeandikwa kwa tarakimu, zote kamili. "25 bado 35" ya mwanzo ingeeleweka kwa aliyekuwamo katika mazungumzo, ila mshirika hakuwamo.

Upande wa mwenzake wa kazini, yule aliyemtambulisha muuzaji, mambo yalikwenda kinyume chake na hayakuhitaji hekaheka. Mpwa alimwandikia huyo tu: muuzaji kauza, karejesha 25,000, kabaki na 35,000, nakuomba umkumbushe kwa kuwa wewe ndiye unayemjua. Mwenzake yuko kaunta, wateja mbele yake, hawezi kuweka sauti sikioni. Wao ni rika, hawana deni la heshima la namna ile. Na jambo hili likifika kwa chifu au kwa wazee, maneno yaliyoandikwa na tarehe yake ndiyo yatakayotazamwa. Voisi kwa mwenzako wa kazi juu ya jambo la lawama ina hatari nyingine pia: ukiirekodi na hasira bado iko kooni, hasira hiyo itachezwa tena kila atakapoifungua, wakati wewe umeshatulia.

Alama zilisaidia kujua kilichotokea. Voisi ikisikilizwa, maikrofoni yake hugeuka rangi ya buluu, na hilo huonekana hata kwa aliyezima alama za kusomwa. Usiku ule mpwa aliona maikrofoni imegeuka buluu saa tatu kasoro, baada ya isha kama alivyoomba. Asingeiona imegeuka, asingetuma zile nambari, maana hesabu iliyotangulia sauti ingerudisha kosa la mwanzo: mtoto, kioo, jikoni. Siku ya kwanza alikuwa ameona vile vile maikrofoni ya buluu saa kumi na dakika chache, saa za watu kukaa barazani, na ukimya uliofuata ulikuwa wa kutosha kumtia shaka. Mzee anayejibu kila salamu akinyamaza baada ya kusikiliza, kuna mtu mwingine amesikia.

Mpangilio huu una mipaka yake. Usingefaa kwa msiba, ambao kwetu huletwa na mtu kwa miguu yake ikiwezekana. Usingefaa kwa posa iliyokataliwa, kwa kuwa hapo hata voisi ya sekunde kumi inaweza kuzungushwa mji mzima kwa siku moja, na wazee wana njia zao za kupeleka neno hilo kwa mdomo. Na kama mjomba asingekuwa na nafasi yoyote ya faragha, kwa mfano angekuwa kambini ya wavuvi upande wa Kiunga akitumia simu ya mwenziwe, ingebidi kungoja arudi, hata kama kungoja kunauma.

Majibu ya mjomba yalikuja kwa sauti, sekunde kumi na mbili: "Marahaba mwanangu. Nimekusikia na nimeyaona ulioandika. Hiyo 25 usiitume kwangu, mtumie mshirika wangu yeye kwanza, nambari yake hii." Kisha akautuma ule ujumbe wa hesabu kwa mshirika, na pia kwa yule aliyevuka Mokowe na tisini zake.